"Amehama" Si Jibu

Watu wangu, leo tuongee kuhusu neno moja linaloharibu takwimu za huku kwetu: "amehama."

Mnaonifuata mnajua niliacha chuo. Kabla kontenti haijaanza kunilipa, nilifanya kazi ya kuhoji watu vijijini, upande wa Mathira na Othaya. Mradi siutaji. Ulikuwa ule utafiti wa kurudi kwa kaya zilezile kila baada ya miaka kadhaa, kuona nani ameinuka na nani ameshuka. Si kitu kipya hapa. Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton ilianza mwaka 1997 na kaya kama 1,500 za wakulima nchini, Nyeri ikiwemo, kisha ikazirudia 2000, 2004, 2007 na 2010. Kila ukirudi, kuna zingine huzipati.

Shida ya kwanza ni majina. Sisi tunaita watoto majina ya babu na nyanya, kwa hivyo mteremko mmoja una akina Mwangi wa Kariuki watatu, na wote wana ng'ombe wawili na miche ya kahawa. Ukija na jina tupu, unaweza kuhoji mtu ambaye hakuwa kwenye orodha, na hesabu itaonyesha shamba limepungua ghafla ekari mbili. Unajuaje ni mtu mwingine? Linganisha watu wa nyumba: aliyekuwa na miaka 9 awamu iliyopita sasa awe na 12 ama 13, si 20. Kinga yake ni kuandika mapema jina la utani, nambari ya uanachama kwenye kiwanda cha kahawa, lokesheni ya boma, na simu za watu wawili wasioishi hapo. Simu ya mwenye nyumba pekee haitoshi, laini hubadilishwa.

Ya pili ndiyo nzito. Unafika, unakuta shosho peke yake. Kijana aliyekuwa analima ameenda Nanyuki ama Thika, dada yake ameolewa Karatina. Bosi wako anasema andika "amehama," songa mbele, mafuta ya gari ni ghali. Sasa fikiria: anayehama ni nani? Si mtu yeyote tu. Ni aliyepata kazi, ama aliyeuza shamba baada ya msiba. Ukiwatoa wote wawili, unabaki na waliokaa, halafu unaandika ripoti kwamba maisha Nyeri hayajabadilika sana.

Kuna watu walikataa hiyo njia, kule Kagera, Tanzania. Kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya 1991 na 1994. Mwaka 2004 watafiti wakarudi kumtafuta kila mtu aliyekuwa kwenye zile nyumba, hata waliotoka mkoani, hata waliovuka mpaka. Zile kaya zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700. Kwa waliobaki kijijini, umaskini ulikuwa umeshuka kwa pointi kama 4 za asilimia. Kwa waliotoka Kagera, pointi kama 23. Wangeishia mlangoni kwa shosho, hiyo habari yote ingepotea.

Najua utasema hakuna pesa ya kumfuata kila mtu. Ni kweli, na kuna njia iliyotumika kwenye utafiti wa vijana wa Busia. Chukua kaya 100. Kwa juhudi za kawaida unapata 80. Zile 20 usizikimbize zote, wala usichague zilizo karibu na lami. Piga kura, toa 5, halafu pesa yote iliyobaki imwage kwa hizo 5: ongea na chifu, mwalimu wa zamani, binamu aliye Nairobi. Kila moja inasimama kwa niaba ya kaya 4. Ukipata 4 kati ya 5, hiyo ni asilimia 80 ya waliokuwa wamepotea. Kwa hivyo umefikia 80, na 16 zaidi, yaani 96 kati ya 100. Lakini ukichagua zilizo rahisi badala ya kupiga kura, hesabu yote imekufa.

Kuna wasiohama ila wamechoka tu. Mzee mmoja aliniambia, "Mlikuja mkanikalisha saa tatu siku ya kuchuma kahawa." Huyo hakuwa anakataa utafiti, alikuwa anakataa tarehe. Niliomba siku nyingine, akanipa Jumapili baada ya kanisa.

Kwa hivyo ukiona takwimu za kaya za Mlima Kenya, kabla ya kushea, uliza swali moja: wale ambao hamkuwapata, mliwatafuta wapi?