Sahihisha Simu, Usinisahihishe Mimi

Vidole vya mama vimekazwa na baridi yabisi. Alishika chaki zaidi ya miaka 30, sasa hawezi kubonyeza herufi za simu bila kupumzika kila baada ya maneno matatu. Anapofuatilia mafao yake ya kustaafu anagusa alama ya maikrofoni kwenye kibodi, anasema, na mimi nasoma kilichoandikwa kabla hakijatumwa. Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, na kwa mtu kama mama hilo si jambo dogo. Ila lugha yetu ina mitego yake, na nimeijua kwa kukaa pembeni yake jioni nyingi kuliko nilivyoijua darasani.

Mwezi ule alitamka hivi: mhasibu hatapitisha malipo bila barua ya shule, je, imeshafika? Kwa kweli neno “je” hakulisema. Alisema, “Barua hiyo imefika?” na sauti yake ikapanda mwishoni, kama tunavyouliza sote. Simu ikaandika:

“mhasibu atapitisha malipo bila barua ya shule barua hiyo imefika”

Tazama hapo. Hakuna neno lililokosewa tahajia, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu wa kukushtua. Lakini mama amesema kwamba malipo yatapita bila barua, kisha ameithibitishia ofisi kwamba barua imefika. Ofisi ile ilikuwa imemzungusha miezi saba. Ingepokea sentensi hiyo na kufunga faili kwa amani.

Kosa la kwanza ni la herufi moja. Mama huzungumza haraka, na h yake ni nyepesi. Mara nyingi Kiswahili hukulinda usipotee kwa h iliyodondoka, kwa sababu ukanushi huacha alama nyingine ndani ya kitenzi. “Hapokei” ikipoteza h inabaki “apokei”, na macho yanagutuka. “Hajapokea” inabaki “ajapokea”, nayo inagutusha. Wakati ujao hauna ulinzi huo. “Atapitisha” na “hatapitisha”, “utalipwa” na “hutalipwa”: kiambishi -ta- ni kilekile, mwisho wa neno ni uleule, na kukubali na kukataa vinatenganishwa na pumzi tu. Ndiyo maana barua pepe za mama nazisoma mara moja kwa ajili ya kitu kimoja: natafuta kila kitenzi chenye -ta-, kisha namuuliza, “Mama, hapa ni ndiyo au hapana?” Siamini kumbukumbu yangu. Nimemsikia akitamka, kwa hiyo macho yangu husoma nilichosikia badala ya kilichoandikwa.

Kosa la pili ni la alama. Kiswahili hakigeuzi mpangilio wa maneno ili kuuliza swali la ndiyo au hapana. Sauti ndiyo inayouliza. Simu yetu haiandiki sauti inayopanda, na mama akitamka “alama ya kuuliza”, inaandika maneno hayo matatu kama yalivyo. Tulipatana atangulize “je” katika kila swali. Mwanzoni aliona anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Sasa amezoea, kwa kuwa “je” hubaki hata alama zote zikipotea.

Majina huja mwisho. Ukoo wa Mushi hugeuka moshi, Kessy hugeuka kesi, na Tumaini au Neema huandikwa kwa herufi ndogo mpaka mtu anakuwa baraka isiyo na mwenyewe. Majina siyakisii. Nayanakili kutoka barua ya mwisho waliyotuandikia wao, na anwani naijaza baada ya yote, ili kidole kikiteleza kisitume kitu nusunusu.

Jioni ile nilifanya na la ziada. Mama alikuwa amesema, “Nimechoka kuja hapo kila wiki kama mdaiwa.” Nikaandika, “Naomba suala hili lishughulikiwe kwa haraka.” Nilipomsomea akanyoosha mkono na kuomba simu.

“Hayo ni maneno ya nani?”

“Ni lugha ya kiofisi, mama.”

“Mwanangu, sahihisha simu. Usinisahihishe mimi.”

Nilibisha kidogo, kwamba maneno makali yanaweza kumwudhi afisa. Akasema afisa ameudhika miezi saba bila sababu, sasa apate moja. Sentensi yake ikarudi kama alivyoisema, pamoja na h, je na kiulizo.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Barua ya shule haikuwa imefika. Ilikuwa bado kwenye trei ya mtu aliye likizo. Mama alisoma mara mbili, akagusa maikrofoni, akaanza, “Je, huyo mtu atarudi lini?”