Vitabu Kumi na Moja, Watoto 132

Darasa langu la tatu hapa Geita lina watoto 132 na vitabu 11 vya Kiswahili. Ukipiga hesabu unapata kitabu kimoja kwa watoto 12, na mtu yeyote atakwambia shida ni vitabu. Na mimi nilifundishwa hivyo. Lakini kuna utafiti mmoja uliofanyika Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya tisini, ambao ulinifanya nilitazame darasa upya.

Glewwe, Kremer na Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada na kuzilinganisha na shule ambazo zilikuwa hazijapewa. Kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza na watoto wengi walishindwa hata kuvisoma. Vyetu ni vya Kiswahili, sawa, ila mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma na hajui silabi, kwake kitabu ni picha tu.

Basi nikaamua kujua kwanza nani anasoma nini. Nilitumia ngazi zile za Uwezo: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto mmoja kwa dakika moja au mbili, watoto 22 kwa siku, siku sita nimemaliza. Unamwita mlangoni wakati wenzake wanaandika. Angalizo moja: usimwonyeshe ukurasa wa kitabu cha darasa. Wengi wamekariri kwa kusikia, wanateremka kama maji huku macho yako dirishani. Mwandikie sentensi mpya kwenye karatasi, halafu mwombe asome neno la mwisho, kisha la katikati. Aliyekariri atalazimika kuanza tena mwanzo.

Matokeo: 37 hawakujua silabi, 44 waliishia kwenye silabi, 29 walisoma maneno, na 22 walisoma aya au hadithi. Yaani vitabu 11 viliwatosha wanaosoma, kimoja kwa wawili. Wale 110 walihitaji kitu kingine.

Kitu chenyewe ni maboksi ya sabuni, mkasi na maka peni. Kwenye vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana, kipindi cha kwanza nakaa mbele na wale 37. Wale 44 wanapanga kadi za silabi wawili wawili: ma, ji, ku, ta, wanaunda maneno na kuyaandika kwa chaki sakafuni. Wa maneno wanasoma ubao wa nyuma, wa hadithi wana vitabu vyao. Kipindi cha pili nahamia kwa wale 44, na wale 37 ndio wanashika kadi.

Kuitikia kwa pamoja nimekupunguza. Watoto 37 wakiimba "ba, be, bi", sita wanajua na wengine wanafuata mdomo wa jirani. Sasa nauliza dawati moja moja. Na kitabu cha wawili kinakaa katikati kweli. Kikisogea upande mmoja, jua wa pili ameshaacha kusoma.

Makundi yana hatari yake. Mtoto akishajua yuko "kwa wasiojua", anakaa hukohuko. Kwa hiyo kila baada ya wiki sita napima tena, na anayepanda anahama siku hiyohiyo. Duflo, Dupas na Kremer waliona, kwenye shule 121 za magharibi mwa Kenya, kwamba kugawa watoto kwa kiwango chao kuliwainua hata wa chini. Lakini shule zile ziliongezewa mwalimu, darasa likagawanywa mara mbili. Mimi niko peke yangu, kwa hiyo sitegemei matokeo yaleyale.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo sijalisoma kwenye utafiti wowote. Rashi ya dhahabu ikitokea mahali, familia zinahama katikati ya muhula. Wiki moja napokea watoto tisa, wiki nyingine wanaondoka kumi na wawili. Anayeingia napima siku ya kwanza, naye anajua kundi lake kabla hajapata dawati. Nina msichana mmoja aliyefika hivyo mwezi wa tatu, shule yake ya nne, silabi hajui. Mwakani anakabiliwa na upimaji wa darasa la nne. Kaka yake alishaacha, yuko kwenye makarasha. Mwezi wa sita yule binti alisoma neno "kisima" bila kusaidiwa.

Kufikia mwezi wa tisa waliosoma aya au hadithi walikuwa 47, na vitabu ni vilevile 11. Hapo ndipo upungufu ukawa upungufu kweli. Nilimpelekea Mwalimu Mkuu orodha ya majina: hawa 47 wanasoma, tunahitaji vitabu 13 zaidi ili kila wawili wapate kimoja. Ombi la "vitabu havitoshi" lilishapelekwa mara nyingi. Hili lilikuwa na namba ambayo mtu anaweza kuja darasani akaihakiki mwenyewe.