Taa haisemi ukweli: inveta ya kompyuta ya mezani

Huku kwetu Kitahana, katika nyanda za juu za Kibondo, umeme una historia yake. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya Taifa, mpaka gridi hiyo ilipofika mkoani Kigoma mwaka 2022. Lakini nguzo kufika mkoani ni jambo moja, na waya kuingia katika kila nyumba ni jambo jingine. Nyumba yetu imo miongoni mwa zile ambazo bado hutegemea jua, na jua linapokosekana hutegemea jenereta.

Kinachotufanya tuandike ni kompyuta ya mezani tuliyo nayo. Kwayo tunachapa mitihani ya shule za jirani, mikataba ya mashamba na barua za maombi ya kazi, na ujira wake ndio unaolipa ada za watoto wawili. Fedha ya kununulia inveta ilitokana na magunia ya maharage. Familia nyingi zina fedha za namna hiyo, ambazo zikipotea hazirudi mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo tulikaa siku nyingi tukipima, tukauliza mafundi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Katika maduka ya vifaa vya sola kuna inveta za aina mbili zinazofanana kwa sura. Zote huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kutoa umeme wa volti 230. Tofauti yake ni umbo la umeme unaotoka. Umeme wa gridi hupanda na kushuka kwa ulaini, mara 50 kila sekunde, mfano wa migongo ya vilima vyetu. Inveta ya aina ya kwanza hutoa umbo hilohilo, na juu ya boksi lake husomeka maneno yatamkwayo "pyua sain wevu". Ya pili hutoa umeme unaoruka kwa ngazi: unapanda ghafla, unakaa, unashuka ghafla. Hiyo huitwa "modifaidi sain wevu", na bei yake tuliikuta karibu nusu ya ile ya kwanza.

Muuzaji mmoja alituwashia taa kwa ile ya bei nafuu. Ikawaka vizuri, naye akasema, "Mnaona wenyewe, inafanya kazi." Tulipomsimulia fundi mmoja wa Kibondo mjini, alitabasamu. "Mzee wangu, na wewe mama, taa haisemi ukweli," alisema. "Taa hupokea umeme wa umbo lolote. Nileteeni kompyuta yenyewe."

Tukampelekea. Alitufafanulia kwamba ndani ya kompyuta kuna pawasaplai, lile kasha la bati lenye feni ambalo waya wa umeme huingia. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa volti 230 uwe wa volti ndogo zinazoliwa na mashine. Pawasaplai nyingi za siku hizi, na aghalabu huwa na herufi PFC kwenye lebo, zina sakiti inayoufuata umeme unavyopanda na kushuka ili kuuvuta kwa utaratibu. Zikikutana na umeme wa ngazi, hukosa kitu laini cha kukifuata, na kila ngazi inaporuka huvuta umeme kwa mshtuko. Baadhi huzima papo hapo. Nyingine huendelea kufanya kazi zikinguruma na kupata joto, na joto hilo hufupisha umri wa vipuri vya ndani. Pawasaplai za zamani zisizo na sakiti hiyo huvumilia zaidi, na ndiyo maana utawasikia watu wakiapa kwamba inveta ya ngazi haijawasumbua. Huenda wanasema kweli, lakini kweli hiyo ni ya mashine zao.

Fundi alituonyesha dalili kwa kuiunganisha kompyuta yetu na inveta ya kila aina kwa nusu saa. Katika ile ya ngazi, pawasaplai ilitoa mngurumo mwembamba, spika zikazomea hata bila sauti kufunguliwa, na hewa iliyotoka kwenye feni ikawa moto kuliko kawaida. Kisha akaweka tesita ya bei ndogo kwenye tundu la inveta. Ilisoma volti 180 na kitu. Alieleza kuwa tesita za namna hiyo hukadiria zikidhani umeme ni laini, basi zikiwekwa kwenye umeme wa ngazi hudanganyika na kusoma chini, ingawa nguvu halisi ni volti 230. Alipohamia kwenye inveta laini, mngurumo ulikoma na tesita ikasoma 229. Kwa mnunuzi asiye na chombo kingine, hicho ni kipimo kizuri: inveta mpya, betri iliyojaa, na tesita ya kawaida inayosoma chini sana ya 230, basi shuku umbo la umeme kabla hujatoa fedha.

Baada ya umbo, tulifika kwenye nguvu. Hapa watu wengi husoma namba moja tu, ile kubwa iliyoandikwa juu ya boksi. Inveta huwa na namba mbili: nguvu inayoweza kuitoa mfululizo, na nguvu ya mshtuko ambayo huimudu kwa muda mfupi tu. Namba kubwa ya boksini mara nyingi ni ya mshtuko. Iulize ile ya mfululizo, au isome kwenye bati la nyuma.

Kompyuta yetu pamoja na kioo chake hutumia wati 110 tunapochapa. Mtu angesema inveta ya wati 150 inatosha. Lakini unapobonyeza swichi, kapasita za pawasaplai huwa tupu, nazo hujijaza kwa mkupuo. Katika sehemu ndogo sana ya sekunde huvuta umeme mara nyingi kuliko ule wa kazi ya kawaida. Inveta dogo hapo hulia, taa yake hugeuka nyekundu, na kompyuta hujaribu kuwaka kisha huzima. Kipimo alichotupa fundi ni hiki: nguvu ya mfululizo iwe angalau mara mbili ya mzigo wako wote, na nguvu ya mshtuko iwe mara mbili ya hiyo. Kwetu sisi mara mbili ilikuwa wati 220. Tukachagua ya wati 600 mfululizo na 1,200 za mshtuko, ili ibaki nafasi ya printa ya wino na chaja za simu. Hata hivyo huwasha kimoja baada ya kingine: inveta kwanza bila mzigo, kisha kioo, kisha kompyuta, mwisho printa, ili mishtuko isikutane.

Printa ya leza tuliiacha. Ndani yake kuna kipasha moto cha kuyeyushia wino wa unga, nacho huvuta wati mia kadhaa, pengine kukaribia 1,000, kila kinapojipasha. Ingetulazimu kununua inveta kubwa na betri zaidi kwa ajili ya dakika chache za kazi. Printa ya wino hutumia wati zisizozidi 30. Kazi inayohitaji leza tunaichapa hapa nyumbani, kisha tunaipeleka kwenye flashi mjini penye umeme wa gridi.

Betri tuliihesabu hivi. Wati 110 kwa saa 4 za jioni ni wati-saa 440. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo betrini hutoka kama 520. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza kupita nusu kila siku huiua mapema. Nusu ni 600, nayo inatosha. Paneli ya wati 200 huirudisha siku ya jua zuri. Masika yanapofunga mawingu haitoshi, na siku hizo tunapunguza saa za kuchapa. Tena inveta ikiachwa imewashwa usiku kucha bila kazi, huweza kula wati kumi hivi kila saa, basi sisi huizima kabla ya kulala.

Jambo moja huwachanganya wengi: inveta inalia kwamba betri imeisha, na betri ukiipima imejaa. Chanzo mara nyingi ni waya. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50 au zaidi, na waya mwembamba au mrefu hupoteza volti njiani. Tulitumia waya wa milimita za mraba 16, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na betri. Ukiushika waya wakati wa kazi ukauona moto, badilisha.

Linabaki jenereta. Zile ndogo zenye kuchanganya petroli na oili, ziuzwazo kwa jina la wati 950, aghalabu hutoa 650 tu mfululizo. Na huku kwetu, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Hata zinazobaki si tulivu: mtu akichomoa pasi, volti huruka juu, na mzunguko wa injini ukiyumba, zile mara 50 kwa sekunde nazo huyumba. Ukiwa na yupiesi utaisikia ikigonga, "tak, tak", ikiukataa umeme na kurudi kwenye betri yake kila mara.

Kwa sababu hiyo kompyuta yetu haiunganishwi kamwe na jenereta moja kwa moja. Jenereta huendesha chaja ya betri ya ampea 20, ambayo huvuta wati 300 hivi, na chaja hujaza betri. Kuyumba kwote huishia hapo. Inveta huchukua kutoka betrini na kuipa kompyuta umeme ulio laini. Kwa saa 3 za jenereta tunapata karibu jioni nzima ya kazi. Jenereta hukaa nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake huua watu waliolala bila wao kuhisi harufu ya hatari.

Mitihani ya muhula huu tumeichapa yote kwa mpangilio huo, kurasa 64 za madarasa saba, na siku mbili kati ya hizo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ada za watoto zimelipwa. Kwa anayejiandaa kununua, ushauri wetu ni kwamba asiende dukani na fedha peke yake. Aibebe kompyuta yake, aibebe na tesita, na aombe nusu saa ya kusikiliza.