KENGELE IKILIA, TUTOKE KISHA TUHESABIWE



Ndugu wasomaji, mwaka huu sisi wanafunzi wa darasa la juu tulipata somo ambalo halimo katika vitabu vyetu, nalo ni namna ya kutoka katika jengo linalowaka moto. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu wa zimamoto, ambaye wajukuu zake wanasoma hapa. Tulidhani atatufundisha kuzima moto. Yeye akaanza na swali: "Wanangu, mkishafika nje, mtajuaje kwamba nyote mmetoka?" Tukabaki kutazamana.

Akatueleza yaliyotokea Nyeri, nchini Kenya, Septemba 2024. Bweni la shule ya Hillside Endarasha, walimolala wavulana zaidi ya 150, liliungua usiku, na wavulana 21 wakafariki dunia. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Baadaye wengi wao walipatikana wakiwa hai. Wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao usiku uleule, na wengine walikuwa wamehifadhiwa na majirani. Hapakuwa na hesabu iliyoonesha nani kaondoka na nani.

"Hesabu ikikosekana," alisema mzee, "askari ataingia motoni kumtafuta mtoto aliyekwisha kufika kwao. Au baya zaidi, hatatafutwa yule aliyebaki ndani."

Basi tukaenda kuchagua mahali pa kukusanyika. Sisi tulipendekeza chini ya mwembe kwa sababu pana kivuli. Mzee akapakataa. Mwembe uko karibu mno na jengo, waya wa umeme unapita juu yake, na gari la zimamoto likiingia getini litapita hapohapo. Tukahamia pembe ya mbali ya uwanja, na kila darasa likawekewa kigingi chake chenye rangi.

Zoezi la kwanza lilifanyika siku ya Alhamisi baada ya Alasiri. Kengele ilipigwa mfululizo, tofauti na ile ya mapumziko. Kila ustadhi alichukua daftari la mahudhurio, akatoka wa mwisho na kuufunga mlango bila kutia ufunguo, maana mlango uliofungwa huchelewesha moshi na moto. Penye vigingi majina yakaitwa. Tulikuwa 96 siku ile, wakaitika 93.

Wawili walikutwa njiani wakienda kwao. Ni wadogo, na waliposikia "moto" walikimbilia kwa mama, kama watoto wale wa Nyeri. Wa tatu alikuwa chooni, na hakuna aliyepangiwa kupita huko. Kingine kilichoonekana ni viatu. Madrasa yetu, kama nyingine nyingi, viatu huachwa mlangoni. Wenzetu waliinama kutafuta ndala zao, na walio nyuma wakasongamana ndani. Tulitumia dakika nne na nusu.

Wiki ile rafu ya viatu ilihamishiwa ukutani, mbali na mlango, na ikatolewa amri kwamba kengele ya moto ikilia tunatoka pekupeku. Ustadhi mmoja akapewa kazi ya kukagua vyoo, na mwingine kusimama getini ili asitoke mtoto kabla jina lake halijaitwa. Mzazi akija, mtoto hutolewa pale kwenye kigingi, na daftarini huandikwa aliyemchukua.

Zoezi la pili hatukuambiwa siku. Mzee aliweka kiti katikati ya mlango mkubwa akasema, "Moto uko hapa." Ikabidi tutumie mlango wa nyuma. Madirisha yetu yana nondo, kwa hiyo mlango ule ndio tegemeo letu la pekee, na sasa muda wote wa masomo hufungwa kwa komeo la ndani tu, bila kufuli. Tulitoka kwa dakika mbili kasoro. Tulikuwa 94, na wote 94 wakaitika.

Mzee alitukumbusha kwamba zoezi la mchana halina moshi. Moshi wa kweli hutanda kuanzia juu, na hewa nzuri kidogo hubaki karibu na sakafu. Kwa hiyo inama au tambaa, ukifuata ukuta. Ukifika penye mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto usiufungue, tafuta mwingine. Ukishatoka usirudi ndani, hata kumfuata ndugu yako. Mtaje jina kwa ustadhi, naye awaambie zimamoto, ambao hapa Tanzania hupigiwa namba 114.

Wadogo zetu mtakaoingia mwakani, siku ya kwanza ulizeni kigingi cha darasa lenu kiko wapi, mkasimame hapo.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi kaka na dada zenu,
Wanafunzi wa darasa la juu.