Nyimbo Nyingi, Jina Moja

Arusi za Temeke na Kinondoni hazina jina la wimbo lililozoeleka kuliko "Malaika". Huandikwa katika karatasi ya ratiba kwa kalamu ya haraka, mbele ya maneno "bibi arusi anaingia", na mwandishi wake huamini kwamba amesema yote. Kumbe amesema nusu tu. Jina hilo ni la nyimbo zaidi ya moja, na mmoja kati yake umeimbwa na watu wengi kwa namna nyingi, hata msikilizaji huweza kudhani kuwa ni nyimbo sita. Hivyo matatizo ni mawili nayo hufanana kwa sura: wimbo mmoja wenye waimbaji wengi, na nyimbo mbalimbali zenye jina moja. Asiyeyatenganisha hataweza kupanga chochote.

Tuseme dijei mmoja wa Mbagala amepewa karatasi ya namna hiyo siku ya Jumamosi asubuhi. Katika flashi yake mna mafaili matano yaliyoandikwa "Malaika". La kwanza lina jina la Fadhili William, la pili la Miriam Makeba, la tatu la Boney M, la nne la Angelique Kidjo, na la tano la Nyashinski. Akitazama majina ya waimbaji peke yake atahesabu nyimbo tano. Akisikiliza, atahesabu mbili.

Kipimo cha kwanza ni ubeti wa mwanzo na kisa chake. Mafaili manne ya mwanzo yanasimulia habari moja: kijana anampenda msichana, anamfananisha na ndege mdogo, naye hawezi kumwoa kwa sababu hana mali. La tano halina habari hiyo hata kidogo. Nyashinski, mwimbaji wa Kenya, aliutoa wimbo wake mwaka 2017, nao ni sifa na shukrani za mwanamume kwa mwanamke aliye naye tayari. Yule wa kwanza analilia asichokipata. Huyu wa pili anafurahia alichopewa. Ni vigumu kupata nyimbo mbili zilizo mbali zaidi kwa maana, ilhali zimefunikwa kwa kitambaa kimoja.

Kipimo cha pili ni sauti bila maneno. Msikilizaji na aupige mluzi wimbo wa Fadhili, kisha aupige wa Makeba. Mwendo huweza kuwa mzito au mwepesi, magitaa huweza kupungua na ngoma kuzidi, lakini mluzi utapanda na kushuka mahali pale pale. Kipimo hiki kina faida kubwa pale ambapo matamshi yamebadilika. Boney M, waliorekodi wimbo huu mwaka 1981, hawakuwa Waswahili, na Kidjo, aliyeuweka katika albamu yake ya mwaka 1991, ni mtu wa Benin. Lafudhi zao huweza kumfanya mtu wa pwani atie shaka kama yasemwayo ni yale yale. Mluzi hauna lafudhi.

Kinyume cha jambo hili kipo pia, nacho husahauliwa na wapangaji wengi. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutia wimbo wa Fadhili katika sahani yao ya pamoja, na juu ya jalada ukapewa jina la Kiingereza lenye maana ya "Malaika wangu", huku neno la Kiswahili likifuata katika mabano. Mtu anayepanga kwa herufi za alfabeti ataiweka sahani hiyo mbali na nyingine, ingawa ndani yake mna wimbo ule ule. Jina moja halithibitishi wimbo mmoja, wala majina mawili hayathibitishi nyimbo mbili.

Hapo ndipo penye faida ya kutenganisha utunzi na urekodi, jambo ambalo ofisi za hakimiliki hulifanya kwa namba. Utunzi, yaani maneno na sauti yake, hupewa namba moja inayoanza kwa herufi T, nayo haibadiliki hata wakiimba watu mia. Kila urekodi nao hupewa namba yake ya tarakimu na herufi 12. Kwa hiyo mafaili manne ya yule dijei yangekuwa na namba nne za urekodi na namba moja ya utunzi. Faili la tano lingekuwa na namba zake zote mbili peke yake. Jina halimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa sheria kwa kawaida hailindi jina tupu la wimbo. Neno "malaika" ni mali ya kila mtu.

Madhara yako wapi basi? Yako katika fedha. Kituo cha redio kikiandika katika orodha yake neno "Malaika" tu, bila mtunzi wala mwimbaji, anayegawa mirabaha hana njia ya kujua alipwe nani. Katika wimbo wa Fadhili mashaka yanazidi, kwa kuwa utunzi wenyewe umegombewa. Fadhili William ndiye aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ndiye aliyeutambulisha kwa ulimwengu. Wako wanaoshikilia kwamba aliyeutunga ni Adam Salim, tena miaka mingi nyuma, mwaka 1945. Ugomvi huo haukatwi kwa kusikiliza sahani. Lakini angalau mtu aandike ni wimbo upi unaogombewa, asije akamtia Nyashinski katika kesi isiyomhusu.

Wakaaji wa Dar es Salaam wanao mfano wa nyumbani pia. Akitajwa "Zuwena", mzee aliyezoea dansi humkumbuka Marijani Rajab na Dar International. Kijana humkumbuka Diamond Platnumz, wa mwaka 2023. Wawili hao huweza kubishana kibarazani jioni nzima, kila mmoja akimwona mwenziwe hana masikio, hali wote wawili wanasema kweli.

Turudi kwa dijei wa Mbagala. Amekwisha kujua kwamba ana nyimbo mbili, lakini karatasi haimwambii ni upi unaotakiwa. Asiulize, "Mnataka Malaika wa nani?" Shangazi wa bibi arusi huenda halijui jina la mwimbaji, au akataja la mwimbaji aliyemsikia mwisho. Swali lenye jibu ni hili: "Ni ule wa ndege, au ule mwingine?" Kama hilo nalo halitoshi, na aucheze kila mmoja kwa nusu dakika katika simu, mbele ya mtu mzima wa upande wa bibi arusi, kabla viti havijapangwa.

Ni swali la heshima pia. Wimbo wa ndege ni mzuri mno, na watu wameucheza arusini miaka mingi bila kuyatia maanani maneno yake. Lakini ni maombolezo ya mwanamume aliyeshindwa na mahari. Kuupiga wakati bwana arusi anaingia, mbele ya wakwe waliopokea mahari yake wiki iliyopita baada ya vikao vitatu, ni kumtangazia ufukara ambao hakuukiri. Wazee wengine hucheka. Wengine huweka glasi mezani na kumtazama mshenga.

Dijei akishapata jibu, na aandike kwa kalamu juu ya ile karatasi: "Malaika, wa Nyashinski, 2017, kuingia. Malaika, wa Fadhili, wa ndege, wakati wa chakula, sauti ya chini." Kisha ayabadilishe na majina ya mafaili yenyewe, maana Jumamosi ijayo kuna arusi nyingine Kinondoni.