Daftari la Dada na Taarifa ya M-Pesa

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, dada yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, Mombasa, na daftari lake lilikuwa na safu mbili tu: bidhaa na bei. Pesa za simu zilipozidi kuingia aliongeza alama ya "M" pembeni mwa bei. Mwisho wa mwezi tulikaa naye jioni, yeye akisoma meseji kwenye simu, mimi nikitia vema kwenye daftari. "Elfu moja na mia mbili." Ipo. "Mia tano." Ipo, lakini ipi? Kila siku kulikuwa na mia tano tatu au nne.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa kazi nzima. Tulikuwa tunalinganisha kiasi kwa kiasi, na kiasi hakina mwenyewe. Tena meseji zilikuwa zikifutika simu ikijaa, na meseji iliyofutwa ilikuwa na maana kwamba mauzo yake yamepotea kwenye hesabu.

Lipa na M-Pesa ilipokuja mwaka 2013, dada akachukua namba ya kulipia, na baadaye tukawa tunapata taarifa ya mwezi mzima kama faili. Safu ya kwanza, Receipt No., ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Nilimwomba dada kitu kimoja: kila penye "M" aandike namba ya muamala. Alinung'unika. "Kaka, mteja amesimama na misumari mkononi, niandike herufi kumi?" Tukakubaliana aandike nne za mwanzo na mbili za mwisho.

Zile za mwanzo zina habari ndani yake. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku. Siku ya 1 hadi ya 9 huandikwa kwa tarakimu, ya 10 ni A, ya 11 ni B, na kuendelea. Kwa hiyo muamala unaoanza na SCF ulifanyika 2024, mwezi wa tatu, tarehe 15.

Machi ya mwaka huo ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Daftari lilisema 86,450, taarifa ikasema 84,990 zimeingia. Tofauti ilikuwa 1,460. Kwa mtindo wa zamani tungetafuta mauzo ya 1,460 usiku kucha, na hayakuwapo, kwa sababu tofauti moja inaweza kuficha makosa matatu yanayovutana.

Niliandika daftari lote kwenye jedwali la kompyuta, namba za muamala katika safu ya C, kisha nikahesabu kila moja inatokea mara ngapi:

```
=COUNTIF(C:C,C2)
```

Namba moja ya SCF ikatoa 2. Shilingi 2,300 za rangi ziliandikwa na mpwa wetu jioni ya tarehe 15, na dada alipofungua duka asubuhi akaona meseji kwenye simu akaiandika tena tarehe 16. Kwa kutazama tarehe na kiasi ungeapa kuwa ni wateja wawili. Kisha nikafupisha namba za taarifa vivyo hivyo na kugeuza zoezi: namba zilizo kwenye taarifa lakini hazimo daftarini. Ikajitokeza moja, 1,200, iliyolipwa saa tatu usiku na fundi aliyechukua saruji duka likiwa limeshafungwa.

Zilibaki 360. Tofauti inayogawanyika kwa 9 humfanya mshika daftari ashuku tarakimu zilizopishana. Namba zote sasa zilikuwa zimepata wenzake, kwa hiyo nililinganisha viasi vyake: 590 kwenye taarifa, 950 daftarini. Mbili elfu na mia tatu, toa elfu moja na mia mbili, jumlisha mia tatu na sitini, ndiyo 1,460 yetu.

Njia hii ina mitego yake. Herufi O na sifuri huchanganywa kwenye mwandiko, na muamala mzuri ukaonekana haupo. Mtu anayepokea kwa laini yake binafsi ataona namba ileile ikijirudia kwenye taarifa pale alipotuma pesa, kwa kuwa ada ya kutuma ina mstari wake wenye namba hiyohiyo. Huko si kuandika mara mbili.

Mtego unaonisumbua mpaka leo ni wa mafundi. Fundi huchukua bomba asubuhi, viungio jioni, na kulipa vyote kwa pamoja. Dada huandika mistari miwili yenye namba moja, COUNTIF inatoa 2, nami naanza kushuku. Sasa kabla ya kumuuliza hujumlisha kwanza mistari yenye namba hiyo na kuangalia kama inafika kiasi kilichoingia. Ikifika, namwacha na wateja wake.