Kiendeshi Kilichozuiwa Mlangoni

Tarehe 10 Agosti 2021 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows, na kwa sasisho hilo ikaibatilisha desturi iliyokuwa imezoeleka maofisini kwa miaka mingi. Kabla ya siku hiyo mfanyakazi aliweza kuchagua printa ya pamoja, na tarakilishi yake ikajiletea kiendeshi kutoka kwenye seva bila kumwomba mtu ruhusa. Utaratibu huo huitwa Point and Print. Kiendeshi nacho ni programu inayoifasiri lugha ya tarakilishi kwa printa. Bila mkalimani huyo wawili hao hawaelewani. Wanafunzi wa tafsiri huenda wakalifahamu jambo hili upesi kuliko wahandisi.

Taabu ni kwamba mkalimani huyu hakai sebuleni. Kiendeshi huingizwa na huduma iitwayo Print Spooler, nayo hufanya kazi kwa mamlaka ya mfumo mzima wala si ya mtumiaji aliyeketi mbele ya kioo. Kwa hivyo, anayefanikiwa kupenyeza kiendeshi cha hila huwa ameitwaa tarakilishi nzima. Udhaifu wa namna hiyo, uliopewa jina PrintNightmare, ulifichuka hadharani mwaka huo huo, na kiraka cha dharura kikaanza kutolewa tarehe 6 Julai. Sasisho la Agosti lilikwenda mbali zaidi: tangu hapo, asiye msimamizi haruhusiwi kusakinisha wala kusasisha kiendeshi kwa njia ya Point and Print.

Katika ofisi ya idara moja ya chuo, habari hii ilifika kwa sura ya karatasi za mtihani zisizochapika. Katibu muhtasi alitakiwa kuzikabidhi kabla ya saa nane mchana. Badala ya kusikia mlio wa printa, aliulizwa na kioo, "Do you trust this printer?", na chini ya swali pakawa na kitufe "Install driver" chenye picha ya ngao. Alipokibonyeza, akadaiwa nywila ya msimamizi, ambayo hakuwa nayo. Ajabu kwake ni kwamba printa ile alikuwa ameitumia miaka mitatu.

Fundi alipofika hakuigusa printa kwanza. Alijaribu tarakilishi zote sita za ofisi, akaona mbili zinachapisha na nne zinakataa. Hilo peke yake liliondoa shaka juu ya wino, waya na printa yenyewe. Kisha alilinganisha toleo la kiendeshi, na siri ikafichuka: kwenye seva kilikuwa kimewekwa kiendeshi kipya, na zile mbili zilikuwa zimekwisha kukichukua kabla ya sasisho kufika. Nne zilibaki na cha zamani. Kila zilipotaka kuchapisha, zilijaribu kukileta kipya, zikazuiwa mlangoni.

Ili kuijua hali ya sera, aliandika amri hii:

```
reg query "HKLM\Software\Policies\Microsoft\Windows NT\Printers\PointAndPrint" /v RestrictDriverInstallationToAdministrators
```

Thamani ikiwa 1, au ikikosekana kabisa, kizuizi kinafanya kazi. Ikiwa 0, mlango uko wazi kama zamani. Katibu, kwa haki kabisa, alimsihi aiweke 0 ili kazi iendelee. Saa zilikuwa zinakwenda. Fundi alikataa, na hakukataa kwa ukaidi. Zipo sera nyingine za kutaja seva zinazoaminika, lakini Microsoft yenyewe ilieleza kwamba hakuna mseto wa sera hizo unaolingana na kinga ya ile 1. Aidha, 0 inayowekwa kwa haraka aghalabu husahauliwa hapo hapo.

Aliingia kwa akaunti ya msimamizi katika kila mojawapo ya tarakilishi nne, akasakinisha kiendeshi kile kile cha seva, toleo lile lile. Mtumiaji aliporudi kwenye akaunti yake, tarakilishi haikuwa na cha kuleta, kwa hivyo haikuomba ruhusa. Kwa tarakilishi nne kazi hiyo ni ya muda mfupi. Kwa mia nne, viendeshi hulazimika kusambazwa kutoka mahali pamoja kwa programu ya usimamizi, na asiyekuwa nayo atatembea sana.

Dawa hii ina mpaka wake. Siku kiendeshi cha seva kitakapobadilishwa tena, swali lile litarudi kwenye kila kioo ambacho hakijapelekewa toleo jipya. Tena isichanganywe na kosa 0x0000011b, lililowasumbua wengi baada ya masasisho ya Septemba 2021: hilo linahusu jinsi tarakilishi na seva zinavyothibitishana, na mtu anaweza kubadilisha viendeshi kutwa nzima lisiondoke.